Mkopo wa asilimia 2 kwa mwezi uligeuka 4: acha kubahatisha riba, tumia RATE

Haya nawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya kushika vitabu, dukani, kwenye kikundi cha akiba, popote pale, manake swali la "huu mkopo riba yake hasa ni ngapi" mtaulizwa mapema kuliko mnavyodhani. Mi nilikuwa najibu kwa kubahatisha namba moja moja mpaka nikachoka, na siku nilipojua RATE, fomula ya Excel inayotafuta riba, nilisikitika kwa muda wote niliopoteza, kwa hiyo ngoja niwaonyeshe kwa mkopo mmoja tu mwanzo mpaka mwisho.

Hapa Busia kuna mama mmoja anauza samaki, alitaka friza kubwa na mtaji kidogo, jumla milioni 5. Akaja na karatasi mbili. Ya kwanza imetoka kwa wakopeshaji wa mtaani, imeandikwa riba asilimia 2 kwa mwezi, miezi 12. Ya pili ya benki, asilimia 30 kwa mwaka, miezi 12 vilevile. Akaniambia, "Mwanangu, mi naona hii ya mtaani ndo nafuu, mbili mara kumi na mbili si ishirini na nne? Benki wanataka thelathini." Na ukiangalia juujuu kweli anaonekana yuko sawa.

Sasa soma karatasi ya kwanza kwa makini. Asilimia 2 ya milioni 5 ni 100,000, mara miezi 12 ni 1,200,000, unajumlisha na mkopo inakuwa 6,200,000, unagawa kwa 12, rejesho ni 516,667 kila mwezi. Hiyo ndo watu wanaita riba ya flati. Tatizo lake ni kwamba kila mwezi unatozwa riba ya milioni 5 nzima wakati milioni 5 hunayo tena, ushaanza kuirudisha. Mwezi wa kumi na mbili deni limebaki dogo kabisa lakini bado unalipa ile 100,000 ileile. Kwa hiyo ile asilimia 2 ni namba ya kupigia hesabu ya rejesho tu, sio bei ya pesa unayoishikilia.

Zamani ningetafuta bei yenyewe hivi: naweka asilimia 3 kwenye PMT, fomula ya Excel inayopiga rejesho ukiipa riba, inanipa rejesho la 502,310, dogo mno. Naweka 4, inatoka 532,761, kubwa mno. Naweka 3.5, inatoka 517,420, nimekaribia lakini bado imezidi, nashuka 3.4, nimepitiliza, napanda tena, na kila nikibadilisha namba moja ya mkopo naanza upya. RATE inafanya hichohicho, nayo inabahatisha kwa ndani, inaanzia asilimia 10 kama hujaiambia kitu kingine na kujisahihisha mpaka mara 20, ila inamaliza kabla hujanyanyua kidole. Unaipa vitu vitatu: idadi ya marejesho, rejesho lenyewe, na pesa uliyopokea.

```
=RATE(12,-516667,5000000)
```

Jibu ni asilimia 3.48 kwa mwezi. Ile alama ya kutoa mbele ya rejesho sio pambo. Pesa inayoingia mfukoni mwako ni chanya, inayotoka ni hasi, na ukiziandika zote chanya Excel inakurushia `#NUM!`, manake umeiambia kuna mtu anapewa milioni 5 halafu anaendelea kupewa kila mwezi, hakuna riba ya namna hiyo. Wengi wanaoanza wakiona hiyo `#NUM!` wanadhani fomula ni mbovu, angalia alama kwanza.

Lakini hatujamaliza, na hapa ndo penye uzito. Nilimuuliza yule mama, "Mama, siku ya kuchukua utapewa milioni 5 kamili mkononi?" Akageuza karatasi, nyuma kwa maandishi madogo kuna ada ya kushughulikia mkopo 100,000 na bima 50,000, zote zinakatwa kabla hujapewa. Kwa hiyo mkononi anapokea 4,850,000, ila anarudisha kana kwamba alipokea tano. Kwenye RATE unaandika alichopokea kweli, sio kilichoandikwa kwenye mkataba:

```
=RATE(12,-516667,4850000)
```

Inatoka asilimia 4.00 kwa mwezi, mara mbili kabisa ya ile iliyotangazwa, yaani karibu 48 kwa mwaka ukizidisha kwa 12. Mama hakuamini, na mi napenda mtu asiyeamini, kwa hiyo tukapiga mwezi wa kwanza kwa kalamu. Ana 4,850,000 ya watu, asilimia 4 yake ni kama 194,000. Analipa 516,667, kwa hiyo 194,000 imekwenda kwa riba na kama 322,700 ndo imepunguza deni, limebaki karibu 4,527,300. Mwezi wa pili unapiga asilimia 4 ya hilo lililobaki, sio ya milioni 5, na unaendelea hivyo hivyo chini. Ukifika mwezi wa 12 salio linafika karibu sifuri, tofauti ya kama shilingi 1,700 tu kwa sababu ya kukata desimali za riba. Hilo jedwali ndo ushahidi, liandikeni angalau mara moja kwa mkono wenu, manake mtu akibisha humwonyeshi fomula, unamwonyesha jedwali.

Tukahamia karatasi ya benki. Kule asilimia 30 inahesabiwa kwa deni lililobaki, kwa hiyo ni 2.5 kwa mwezi, rejesho likatoka 487,436. Makato yao yalikuwa yaleyale 150,000, nikaweka:

```
=RATE(12,-487436,4850000)
```

Asilimia 3.01 kwa mwezi. Kwa hiyo mkopo ulioandikwa 30 ni nafuu kuliko ulioandikwa 24, na sio nafuu ya kwenye makaratasi tu, ni shilingi 29,231 kila mwezi, karibu 350,000 kwa mwaka. Mama alikaa kimya kidogo kisha akaomba nimwandikie hizo namba mbili za rejesho nyuma ya karatasi, kubwa kubwa.

Sasa makosa ambayo nimeyaona kwa vijana niliowafundisha, na mengine ni ya hatari kwa sababu hayapigi kelele. La kwanza ni koma. Sisi tumezoea kuandika 5,000,000 na ndivyo inavyosomeka vizuri, lakini ndani ya fomula koma inatenganisha vipande. Ukiandika hivi:

```
=RATE(12,-516,667,5,000,000)
```

Excel inaona vipande sita, na kwa bahati mbaya RATE inakubali mpaka vipande sita, kwa hiyo haikuambii umekosea. Inaelewa rejesho ni 516 na mkopo ni 667, inakwenda kuhangaika na mkopo usiokuwepo duniani. Dawa ni kuweka namba kwenye visanduku vyake, tuseme B1, B2 na B3, huko unaweza kuzipanga na koma unavyotaka, halafu fomula inasoma visanduku: `=RATE(B1,-B2,B3)`.

Kosa lingine ni kuamini kinachoonekana. Excel ikikupa jibu la RATE mara nyingi inalionyesha bila desimali, kwa hiyo ile 3.48 utaiona "3%" na utamwambia mteja tatu. Ongeza desimali mbili kabla hujasoma kitu.

Halafu kipindi. RATE haijui mwezi wala wiki, inajua tu marejesho mangapi. Ukilipa kila wiki kwa wiki 20, jibu ni riba ya wiki, na usilizidishe kwa 12, zidisha kwa 52. Nimeona mtu analinganisha riba ya wiki na ya mwezi akachagua ile ndogo, ile ndogo ndo ilikuwa ghali kuliko zote.

Upande wa akiba fomula ni hiyohiyo ila pesa inageuka. Tuseme umeambiwa weka 100,000 kila mwezi miaka 5, mwisho utapewa 7,500,000. Utakuwa umeweka milioni 6, faida milioni moja na nusu, watu wanagawa haraka wanasema asilimia 25, kwa miaka 5 ni 5 kwa mwaka. Sio kweli, manake ile 100,000 ya mwezi wa mwisho haikukaa miaka 5, haikukaa hata miezi miwili. Mwanzoni hakuna pesa uliyopokea wala kutoa kwa mkupuo, kwa hiyo kipande cha tatu ni 0, na cha nne ni kile utakachopewa mwisho:

```
=RATE(60,-100000,0,7500000)*12
```

Inatoka kama asilimia 8.8 kwa mwaka. Hapo Excel imechukulia unaweka mwisho wa mwezi. Kama mpango unataka uweke mwanzo wa kila mwezi, ongeza 1 mwishoni kama kipande cha tano, itashuka mpaka kama 8.5, kwa sababu pesa yako imekaa kwao muda mrefu zaidi kwa malipo yaleyale. Muulizeni mwenye mpango tarehe ya kuweka ni ipi kabla hamjaandika chochote.

Na RATE ina mpaka wake: inataka marejesho yanayolingana na vipindi vinavyolingana. Yule mama mwaka uliofuata alipewa mkopo wenye miezi miwili ya mwanzo bila kulipa, RATE hapo haifai. Tulishusha namba kwenye safu moja, juu kabisa pesa aliyopokea ikiwa chanya, chini yake sifuri mbili, halafu marejesho yote yakiwa hasi, kila mwezi mstari wake, tukatumia IRR, fomula inayotafuta riba hata malipo yasipolingana, `=IRR(A1:A15)`, na jibu likawa la mwezi kama kawaida. Zile sifuri mbili usiziache wazi, andika 0, manake kisanduku kitupu IRR inakiruka, na marejesho yote yatasogea mbele miezi miwili kana kwamba alianza kulipa mapema.