Kadi ya ukaazi iko kwenye droo ya mume

"Tuko Malindi likizo. Mume wangu Mwitaliano ndiye anayeshika pasi na kadi yangu ya ukaazi ya Italia. Tukikosana husema ataifuta. Anaweza?"

Hawezi, dada yangu. Kadi hutolewa na kufutwa na polisi wa Italia, si mume. Hata mkiachana, mke wa raia anaweza kubaki na haki ya kukaa iwapo ndoa ilidumu miaka 3 kabla ya kesi ya talaka, angalau mwaka 1 mkiishi Italia. Anayepigwa nyumbani naye ana ulinzi wake. Kinachokunyamazisha ni kutojua hayo. Pasi ni mali ya serikali ya Kenya, idai kabla hamjasafiri. Mwachie mama nakala za kadi na cheti cha ndoa, na kule mwone wakili wako, si wake.