Fungua kiambatisho ndani ya barua

"Niko Kisumu, nasimamia watu sita. Juzi mteja wa Nakuru alipata ripoti yenye hesabu za zamani. Niwaandikie nini bila kuwafokea?"

Achana na "muwe makini", hakuna anayejua aifanyie nini. Wangu niliwaandikia hivi:

"Wenzangu, habari za asubuhi. Kabla ya kutuma ripoti, fungueni kiambatisho ndani ya barua pepe yenyewe, si kwenye folda. Someni jina la mteja, mwezi na jumla. Anwani ijazwe mwisho. Asanteni."

Folda ndiyo hutuponza. Ukishaambatisha, barua imebeba nakala ya wakati ule. Ukirekebisha jumla baada ya chai, faili ya kwenye folda inabadilika, ya kwenye barua inabaki vile vile. Kwetu ripoti ya Machi ilitoka hivyo, na jina la faili lilikuwa sahihi kabisa!

— Si Gmail hukumbusha?

— Huweza kukumbusha ukitaja kiambatisho halafu usiweke kitu. Ukiweka kisicho sahihi, inanyamaza.

— Sisi hutuma linki ya Drive, marekebisho yanaonekana papo hapo.

— Sawa, ila mteja akifungua katikati ya marekebisho je?