Imeili ya maombi isirudie wasifu

"Nimeomba kazi ya stoo, imeili yangu naona inarudia wasifu tu. Niikague vipi?"

Fungua vyote viwili sambamba. Kila sentensi ya imeili ambayo tayari imo kwenye wasifu, ifute, halafu uone kinachobaki. Nimechuja maombi ya stoo miaka kadhaa, na mengi hapo hubaki salamu tu.

Ushauri wa kawaida kwamba imeili "iwe fupi" uko sawa nusu, maana marudio mafupi bado ni marudio. Chukua jambo moja tangazo linalotaka, ueleze ulivyolifanya. Wasifu unasema "nilisimamia stoo". Imeili iseme: "Mnataka mtu wa kupunguza upotevu. Tulikuwa tunahesabu mzigo mwisho wa mwezi tu. Nikaanza kuhesabu kila Ijumaa bidhaa 10 zinazotoka sana, tukawa tunaona pengo wiki ileile." Malizia na tarehe unayoweza kuanza, kwa kawaida haimo kwenye wasifu.

Kama unaomba kupitia Ajira Portal, mfumo wa maombi ya kazi serikalini Tanzania, yako ni tofauti: kule unapakia barua rasmi iliyosainiwa, si imeili.