TVA na ritenu ya garanti: usilipe serikali feza ambayo mteja angali anaishika

Niko mjenzi hapa Lubumbashi, na kwa miaka mingi nimejenga madepo, nyumba za kupangisha na kuta za viwanja. Mambo ya saruji na vyuma nilifundishwa nikiwa bado kijana kwenye shantie ya watu wengine. TVA nilijifunza mwenyewe, kwa hasara. Leo nataka kueleza jambo moja tu: ukijenga kwa awamu, na mteja anakata sehemu ya kila dekonti, yaani karatasi ya kudai malipo ya kazi iliyopimwa, na kuishika kama garanti, TVA ya sehemu ile unailipa lini?

Sheria yetu ya TVA ilitolewa mwaka 2010 na ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2012. Kiwango ni asilimia 16. Kwa mwuzaji wa bidhaa, TVA inadaiwa anapotoa mali. Kwa kazi za ujenzi na huduma ni tofauti: inadaiwa unapopokea malipo, yawe avansi, yawe sehemu, yawe salio. Deklarasio inapelekwa DGI, ofisi ya kodi, kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata kupita. Kwa hiyo tarehe inayokuhusu ni ile feza ilipoingia mkononi mwako au benki, si tarehe uliyoandika fakitire.

Mimi sikujua hivyo, na kontabli wangu wa kwanza naye alikuwa ametoka kwenye duka la vifaa, akazoea hesabu ya mwuzaji. Akiona fakitire imetoka, anatangaza TVA yote mwezi huohuo. Nikuonyeshe ilivyotuumiza.

Tulipata kazi ya kujenga depo upande wa Kampemba. Bei ilikuwa dola 200,000 bila TVA, na TVA yake yote dola 32,000. Mkataba ulisema hivi: avansi ya asilimia 20 mwanzoni, dekonti nne za dola 50,000 kila moja, kila dekonti inakatwa asilimia 20 kurudisha avansi na asilimia 10 ya garanti. Garanti ingefunguliwa mwaka mmoja baada ya risepsio ya muda, siku ya risepsio ya mwisho.

Avansi ikaingia: dola 40,000 pamoja na TVA 6,400, jumla 46,400. Hapo wajenzi wengi wanateleza. Wanasema avansi si kazi, ni deni, tutatangaza tukishajenga. Hapana. Feza ya avansi ikiingia, TVA yake inadaiwa mwezi huo, hata kama hujachimba msingi. Sisi hiyo tuliilipa sawasawa, kwa sababu mteja aliandika TVA wazi kwenye karatasi ya benki.

Kosa lilikuja na dekonti ya kwanza. Kazi iliyopimwa ilikuwa dola 50,000. Ukitoa 10,000 ya kurudisha avansi na 5,000 ya garanti, inabaki 35,000. TVA ya 35,000 ni 5,600. Mteja alipaswa kutulipa 40,600, na ndivyo alivyolipa. Lakini kontabli alitangaza asilimia 16 ya 50,000 nzima, yaani dola 8,000. Tofauti ni dola 2,400. Ndani yake, 1,600 ni TVA ya avansi ambayo tulikuwa tumeshailipa, kwa hiyo tuliilipa mara ya pili. Zile 800 zilizobaki ni TVA ya garanti, feza ambayo mteja alikuwa bado ameishika.

Na si kiasi tu. Dekonti ile tuliitoa mwezi wa tatu, mteja akalipa mwezi wa tano. Sisi tulilipa DGI mwezi wa nne, kabla ya kuona hata senti moja. Nakumbuka wiki ile vizuri. Mabati yalikuwa yanangoja kulipiwa, na kapita aliniita pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Papa, batu ya mikono tutabalipa lini?" Sikuwa na jibu, maana feza ya mishahara yao ilikuwa imekwenda kulipa TVA isiyodaiwa bado. Kama tungeendelea hivyo kwa dekonti zote nne, tungetoa dola 9,600 zaidi ya zilizotakiwa kwa wakati ule.

Nilipobadilisha kontabli, mama mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kampuni za ujenzi, kitu cha kwanza alichofanya ni kubadilisha dekonti yenyewe. Akaniambia, "Papa, kosa haliko kwenye deklarasio. Liko kwenye karatasi unayompa mteja." Dekonti yetu ya zamani iliandika kazi 50,000, ikaweka TVA 8,000 chini yake, halafu ndiyo ikakata avansi na garanti. Mtu akisoma karatasi hiyo anaona TVA 8,000, na mteja naye anataka kuirudisha 8,000 kwenye deklarasio yake, yaani kuikata kwenye TVA anayodaiwa yeye. Sasa tunaandika kwa mpangilio huu:

```
Kazi iliyopimwa              50,000
Kurudisha avansi (20%)      -10,000
Garanti iliyoshikwa (10%)    -5,000
Salio bila TVA               35,000
TVA 16%                       5,600
Ya kulipwa sasa              40,600
```

Chini yake tunaongeza mstari mmoja: TVA ya garanti, dola 800, itadaiwa garanti ikilipwa. Mstari huo unamsaidia mteja pia, kwa sababu haki yake ya kurudisha TVA inazaliwa pale inapodaiwa kwetu. Akirudisha 800 leo wakati sisi hatujapokea, ni yeye atakayesumbuliwa.

Kuna wateja wanaokataa mpangilio huo. Wanashika garanti ya 5,000 lakini wanalipa TVA nzima ya kazi, kwa sababu kontabli wao amezoea hivyo. Basi ukipokea TVA ya garanti mapema, na imeandikwa kwenye fakitire yako kama TVA, itangaze mapema. Hiyo si feza yako ya kuzungusha kwenye shantie. Andika tu mahali pa wazi kwamba TVA ya garanti hiyo imeshalipwa, ili usiilipe tena baada ya mwaka.

Na mteja akilipa nusunusu, ambayo kwetu ni kawaida, usijidanganye kwamba ametanguliza bei na TVA itafuata. Kila malipo yana TVA ndani yake. Akitoa dola 30,000 juu ya ile 40,600, TVA iliyomo ni 30,000 × 16/116, yaani dola 4,137.93. Hiyo ndiyo ya kutangaza mwezi huo. Vilevile akikulipa kwa mifuko ya saruji badala ya feza, mimi naihesabu kama malipo siku tunapokubaliana kukatana madeni.

Sasa nifike penye shida kubwa kuliko zote, siku garanti inapofunguliwa. Kwa depo ile, garanti yote ilikuwa dola 20,000, na TVA yake 3,200. Mwaka ulipita. Tulikuwa tumeshafunga hesabu za shantie ile, watu walikuwa kwenye kazi nyingine barabara ya Likasi. Siku moja benki ikaonyesha dola 23,200 zimeingia. Kijana aliyekuwa akishika vitabu siku zile akaandika kwamba deni la zamani limelipwa, basi. Hakutangaza TVA. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, lakini mkaguzi wa kodi haangalii nia. Alichukua karatasi za benki, akaweka kando ya deklarasio zetu, akaona 23,200 isiyo na TVA yake. Tulilipa 3,200 pamoja na adhabu na riba ya kuchelewa, na riba hiyo inahesabiwa mwezi kwa mwezi.

Ndiyo maana leo garanti haikai tena kwenye akaunti moja na madeni ya kawaida ya wateja. Mpango wa hesabu wa OHADA una akaunti yake, 4117, kwa garanti zilizoshikwa na wateja, nasi tunaitumia. Kila kiasi kinachotoka 4117 kuja benki kinamlazimisha kontabli ajiulize: TVA yake iko wapi?

Pamoja na hiyo tunashika jedwali moja kwa kila shantie, ambalo mimi naliona la thamani kama plani ya nyumba. Kila mstari una namba ya dekonti, kazi iliyopimwa, avansi iliyorudishwa, garanti iliyoshikwa, tarehe feza ilipoingia, na mwezi TVA ilipotangazwa. Kwa depo ile lingesoma hivi: 6,400 kwenye avansi, 5,600 mara nne kwenye dekonti, 3,200 kwenye garanti. Jumla 32,000, sawa na TVA ya mkataba mzima. Isipofika 32,000 umesahau kitu, ikizidi umelipa mara mbili. Jedwali hilo pia ndilo jibu lako mkaguzi anapouliza kwa nini mauzo kwenye bilansi ya mwaka ni makubwa kuliko yale uliyotangaza TVA. Lazima yatofautiane, maana bilansi inahesabu kazi iliyofanyika na TVA inahesabu feza iliyoingia. Weka kiasi cha dola kwenye jedwali kama mkataba ni wa dola, kwa sababu ukibadilisha kwa falanga kwa tarehe mbili tofauti, hesabu hazitakutana hata ukikesha.

Watu wameniuliza kuhusu kuomba ruhusa ya DGI ili TVA ihesabiwe kwa fakitire, si kwa malipo. Ruhusa hiyo ipo, na inarahisisha vitabu. Mimi siitaki, kwa mjenzi anayeshikiwa garanti. Ukishaichukua, fakitire ikiandikwa kwenye akaunti ya mteja TVA inadaiwa, alipe asilipe, na avansi inaendelea kudaiwa siku inapoingia. Umerudi kwenye mwezi wangu wa nne.

Pia angalia upande wa pili, kwa mafundi unaowapa sehemu ya kazi. Fundi umeme mwenye kampuni inayotoza TVA, ukimkatia garanti, TVA ya sehemu hiyo huwezi kuirudisha mpaka umlipe. Saruji na vyuma ni tofauti: hizo ni bidhaa, TVA yake unaweza kuirudisha mali ikishatolewa na fakitire iko mkononi.

Mwisho, mteja anaweza asikurudishie garanti yote. Kwenye nyumba moja paa lilivuja, mwenye nyumba akabaki na dola 4,000 kati ya 20,000, nasi tukakubali kwa maandishi kupunguza bei. Tukapokea 16,000 na TVA 2,560, tukatangaza hiyo 2,560, na kwa zile 4,000 tukatoa noti ya kredi. Kama tungekuwa tumelipa TVA yote tangu dekonti, tungekuwa leo tunaomba DGI iturudishie dola 640.