Sura imebaki ileile baada ya kubadilisha nguo?

*"Nimembadilishia nguo mtu mmoja kwenye picha 20. Nichukue wastani wa alama za ulinganifu wa uso?"*

Wastani peke yake utakufichia tatizo. Linganisha kila toleo na picha ya asili, si na lililotangulia, maana uso hubadilika kidogo kidogo na kila hatua huonekana salama. Kwa insightface, maktaba ya Python ya kutambua nyuso, asili na mpya zikiwa nyuso ilizozipata kwenye picha mbili:

```python
alama = asili.normed_embedding @ mpya.normed_embedding
```

Kwanza pima picha halisi kadhaa za mtu huyohuyo, upate kipimo chako mwenyewe. Tuseme zinapata 0.68 hadi 0.75. Matoleo 18 yakiwa na 0.80, na mawili, la kofia na la skafu, yakiwa na 0.41, wastani ni 0.76. Wastani huo unapendeza, lakini mawili hayo huenda ni mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo taja alama ya chini kabisa na idadi iliyo chini ya kipimo. Kisha yatazame matoleo hayo kwa macho, kwa sababu skafu ikifunika kidevu alama hushuka hata kama sura ni sahihi. Toleo ambalo uso haukuonekana kabisa lihesabu limefeli, usilitupe.

Wapo wanaosema kwamba alama ya 0.95 ndiyo bora, nao wako sahihi nusu. Kichwa kikibaki palepale, sawa. Ukiwa umeomba ageuke na bado ukapata 0.95, angalia kama uso haukubandikwa tu vilevile. Kwa uso wa ubavu mimi hutumia kipimo tofauti, ingawa wengine hawakubaliani nami.