Maswali ya Jikoni: Tofu Inaganda, Mafuta Yanaruka

*Tofu yangu inashika kikaangoni, nikiipindua ngozi inabaki chini. Tatizo mafuta? (Wete)*

Tatizo maji. Swali hili haliishi, na kila anayeuliza ametoa tofu kwenye maji yake, akaikata, akaitia kikaangoni papo hapo.

Chukua tofu ngumu, gramu 400. Ikate vipande bapa vinne, vitandaze juu ya kitambaa safi, vifunike kwa kingine, kisha weka juu kibao na sufuria yenye maji ya lita moja. Iache nusu saa. Ukikuta kitambaa kimelowa, kibadilishe na uongeze dakika kumi. Ndipo uikate vijipande vya sentimita 2, uvinyunyizie robo kijiko cha chai cha chumvi na vijiko viwili vya chakula vya konflawa, na ukaange mara moja. Konflawa ikikaa hugeuka ujiuji.

Washa moto wa wastani, tia vijiko vinne vya mafuta, subiri. Chovya ncha ya mwiko mkavu wa mti: vipovu vikitoka pembeni, mafuta tayari. Panga nusu ya vipande, visigusane, kisha toa mkono. Baada ya dakika tatu au nne sukuma kimoja taratibu. Kikiteleza, pindua. Kikishikilia, bado hakijaiva upande huo, na ukikilazimisha ndiyo hiyo ngozi unayoiacha chini. Ukijaza kikaango mafuta hupoa, maji hayakauki haraka, na tofu inachemka badala ya kukaangika.

*Mafuta yananirukia mikononi. Nifunike?*

Usifunike. Mvuke hugeuka matone kwenye mfuniko, matone huanguka mafutani, na ukifunua yanakurukia usoni. Tone la maji huzama chini ya mafuta ya moto, hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha. Kausha tofu, kausha kikaango, kausha na mwiko. Ikitokea mafuta kushika moto, hapo ndipo mfuniko una kazi: funika, zima jiko, na usithubutu kumwagia maji.

*Lazima kikaango cha tefloni?*

Hapana. Cha chuma kinatosha, kikipata moto kwanza ndipo mafuta. Cha tefloni fanya kinyume: usikipashe kitupu. Sufuria nyembamba ya alumini ndiyo inayoganda kuliko zote.

*Nairoweka usiku kucha kwenye sosi ya soya, ndimu na asali, lakini inaungua nje kabla haijakauka.*

Asali ndiyo inayoungua, na kuroweka kumekurudishia maji uliyoyakamua. Kaanga kavu, sosi iwe ya mwisho, moto umezimwa.

*Tofu laini ya kijiko inafaa?*

Haifai. Ile ya supu.

*Nikiitia kwenye mchuzi wa nazi ngozi inalainika.*

Lazima ilainike. Mchuzi uive peke yake, uwe mzito, tofu uimwagie mezani.