Gari imeshakuwa yako kabla hujashika ufunguo

Niliinunua ile Noah Fuoni, Unguja, siku ya Ijumaa baada ya sala. Tulikubaliana bei, nikalipa nusu, tukaandikiana mbele ya sheha, na nusu ya pili nilipe Jumatatu nikija kuichukua niivushe Pemba. Jumamosi usiku ikapiga mvua ya masika na upepo. Tawi la mwembe likakatika, likaibonyeza paa na kuvunja kioo cha mbele, nayo ipo uani kwa muuzaji.

Mimi nilijua hasara ni yake: gari kwake, ufunguo kwake, kadi ina jina lake. Shemeji yangu, ambaye ni wakili, aliisoma karatasi yetu mara mbili akanambia, "Umeandika 'nimenunua', basi umenunua." Kisheria, gari mahususi iliyo tayari kukabidhiwa huwa ya mnunuzi pale mnapofunga mauziano, hata kama malipo au makabidhiano yameahirishwa mpaka baadaye, ila mkiwa mmekubaliana vyengine. Na hatari humfuata mwenye mali. Ingekuwa muuzaji amebakiwa na kazi ya kufanya, tuseme kutengeneza breki kwanza, basi ingebaki yake mpaka amalize na anijulishe. Au angechelewesha makabidhiano kwa kosa lake, hasara iliyotokana na kuchelewa huko ingemuangukia yeye. Hakuchelewa, alikuwa ananingoja mimi.

Bima yake ilikuwa na miezi mitatu mbele, lakini ilikuwa bima ndogo, ile ya kulipa utakaowagonga. Hasara ya tawi haimo. Na hata ingekuwa kubwa, isingenisaidia: bima ni mkataba baina ya kampuni na aliyekata, haihami pamoja na gari mpaka kampuni ikubali. Wengi tunanunua gari tukaridhika kusikia ina bima. Bima ile ina jina la mtu mwengine.

Nililipa fundi laki sita na themanini kutoka mfukoni, na nusu ya pili nikaimaliza pia.

Gari ya pili nilianza na bima. Siku mbili kabla ya kuandikiana nilimleta wakala akaikagua, akaipiga picha, akachukua namba ya chesisi. Ada niliilipa palepale, kwa sababu bila ada hakuna bima. Hati ya muda ikaandikwa kuanza Alkhamisi saa kumi jioni, kwa jina langu. Kisha kwenye karatasi ya mauziano tukaongeza maneno haya: "Umiliki na hatari vitahamia kwa mnunuzi Alkhamisi saa kumi jioni, gari itakapokabidhiwa, kabla ya hapo hasara yoyote ni ya muuzaji." Saa ya bima na saa ya umiliki zilingane, ndiyo kazi yenyewe, ukiacha hata usiku mmoja katikati, usiku huo gari haina bima yako.

Nilimuuliza wakala pia kama gari ikiharibika melini baina ya Malindi ya Unguja na Mkoani ya Pemba italipwa. Akafungua masharti, akasema safari ya baharini haimo, akaniongezea kwa ada ndogo. Nikamwambia aiandike kwenye hati, nikaisoma mwenyewe, ndipo nikaenda kwa sheha.